Kipimo cha lita moja: uso upi uache wazi?

Chora mraba wa milimita 100 kwa 100, uinue juu kwa milimita 100, na tayari una lita moja kamili kwenye kioo cha kompyuta. Hesabu haina ubishi: sentimita 10 mara 10 mara 10 ni sentimita za ujazo 1,000. Tatizo ni kwamba ulichonacho ni bonge lililojaa, halina hata pa kutia punje ya unga. Ili liwe kopo la kupimia unga au mchele jikoni, lazima likombwe ndani, na kazi hiyo karibu kila programu ya usanifu ina amri yake. Fusion, SolidWorks na Onshape zote zinaiita Shell. FreeCAD inaiita Thickness, lakini kazi ni ileile.

Mchonga kinu huanzia mdomoni na kushuka na patasi yake, huku akikisia ukuta umebaki unene gani. Shell haifanyi hivyo. Inachukua kila uso wa nje wa umbo, inatengeneza nakala yake kwa umbali uliotaja, tuseme milimita 2, kisha inaziunganisha nakala hizo ziwe ngozi ya pili. Katikati ya ngozi mbili ndipo penye ukuta. Uso uliouchagua kuwa wazi hauwekewi nakala, na hapo ndipo panapokuwa mdomo. Ukilielewa hilo, mengi ya maudhi ya amri hii yanaeleweka yenyewe.

Sasa turudi kwenye lita yetu. Katika Fusion unafungua Modify, unabonyeza Shell, unagusa uso wa juu, unaandika 2, unamaliza. Kopo linapendeza. Lakini programu imekuja na mwelekeo wa Inside, yaani unene unaingia ndani ya umbo ulilochora. Upana wa ndani sasa ni milimita 96, si 100, kwa kuwa kuta mbili zimekula milimita 2 kila upande. Kina ni 98, kwa sababu kitako nacho kina unene na juu hakuna kitu. Zidisha: 96 mara 96 mara 98 ni milimita za ujazo 903,168. Lita yako imekuwa mililita 903. Anayeuza unga kwa kopo hilo anampunja mteja karibu asilimia 10, na kwa macho huwezi kugundua.

Dawa ni kubadili Direction kutoka Inside kwenda Outside. Hapo umbo ulilochora linakuwa ule unga wenyewe, na plastiki inaongezwa kwa nje. Kopo linakuwa na milimita 104 kwa 104, kimo 102, na ndani lita inabaki lita. Mimi kanuni yangu ni hii: kama kinachojali ni kilichomo ndani, chora kilichomo na uvike ukuta kwa nje. Kama kinachojali ni mahali kopo litakapokaa, kwa mfano droo au mfuko wa gari, chora nje na ukombe ndani. Ipo pia Both, inayogawa unene pande mbili, lakini sioni sababu ya kuitumia kwenye chombo cha kupimia, kwani inakunyima uhakika wa vipimo vya ndani na vya nje kwa pamoja.

Kona kali nne za ndani si nzuri kwa unga, kwa kuwa unajibana humo na hautoki ukigeuza kopo. Inabidi kuzivirigisha kwa amri ya Fillet, na hapa utaratibu wa hatua ndio unaoamua kama kopo litakuwa zima.

Ukianza na Fillet kisha Shell, mambo yananyooka. Kona ya umbo la ndani ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 6, Shell ya kwenda nje kwa milimita 2 inatengeneza kona ya nje ya milimita 8, na ukuta unabaki milimita 2 kuzunguka kote. Mviringo huo unaiba kidogo, takriban mililita 3 kwa kona zote nne. Unazirudisha kwa kuinua kimo cha umbo kutoka 100 hadi 100.31.

Ukigeuza utaratibu, ukakomba kwanza na kuvirigisha kona za nje baadaye, umejichimbia shimo. Chukua sanduku lenye ukuta wa milimita 2 na kona kali ndani na nje, kisha virigisha kona ya nje tu kwa milimita 6. Mviringo unakata pembeni, lakini kona ya ndani iko palepale ilipokuwa. Unene unaobaki katikati ya kona ni 6 kutoa 4 mara 1.414, yaani milimita 0.34. Kuta zimebaki na milimita 2 lakini kona ni nyembamba kuliko uzi mmoja wa plastiki unaotoka kwenye nozeli ya kawaida ya printa ya 3D, ambayo ni milimita 0.4. Mviringo ukifika kama milimita 7, kona inatoboka. Cha kuudhi ni kwamba kwenye kioo kopo la 0.34 halina tofauti na kopo zima, mpaka ulikate.

Kwa hiyo likate. Fusion ina Section Analysis chini ya Inspect. Chagua uso wa juu, sukuma mkato ushuke hadi katikati ya kimo, na utaona kuta zote nne kwa mara moja kama pete ya mraba. Kona nyembamba inajionyesha bila kupimwa. Ukitaka namba, gusa amri ya Measure na upime ngozi ya ndani hadi ya nje. Mkato huu haugusi umbo lenyewe, ni wa kutazama tu. Naufanya kila mara baada ya Shell, hata kwa kopo la kijinga, kwa kuwa hauchukui muda.

Sasa mdomo. Uchaguzi wa uso wa wazi unaonekana wa wazi mno hata watu hawaufikirii, na ndipo Shell inapowaangusha. Tuseme uliona ukingo wa juu ni mkali, ukauvirigisha kwa milimita 3 kabla ya kukomba. Uso wa juu sasa haukutani na kuta kwa kona bali unateremka kwao taratibu kupitia ukanda uliopinda. Katika dirisha la Shell kuna kisanduku kinachoitwa Tangent Chain. Kikiwa kimetiwa alama, kugusa uso wa juu kunachagua pia kila uso unaoungana nao bila kona: ukanda, kisha kuta, zote. Umeiambia programu iache wazi kila kitu isipokuwa kitako, na utabaki na bamba la chini, au itagoma kabisa. Ondoa alama hiyo.

Lakini hata ukiiondoa, bado kuna jambo. Uliouchagua sasa ni uso bapa wa juu peke yake, na ule ukanda uliopinda unahesabiwa kuwa ukuta. Unawekewa unene kama wengine, na mdomo wa kopo unajikunja kwenda ndani kama ukingo wa chungu. Kwa chungu ni sawa. Kwa kipimo cha unga ni balaa, kwani hukwangui juu kwa kijiti ukapata kipimo sawa, na unga unabaki umenaswa chini ya mkunjo. Njia rahisi ni kuuacha ukingo wa juu mkali wakati wa kukomba, kisha kuulainisha mwisho kabisa. Ukuta wa milimita 2 unastahimili mviringo wa milimita 0.8 upande wa ndani na 0.8 upande wa nje, na katikati inabaki tambarare ndogo.

Unaweza kuchagua nyuso zaidi ya moja. Juu na chini zikiwa wazi, unapata bomba la mraba. Juu na upande mmoja, unapata kitu kama kichoteo. Na usipochagua uso wowote, ukagusa umbo zima, Fusion inakomba ndani na kuliacha limefungwa pande zote. Kwa nje hakuna kilichobadilika, na ndiyo maana wengi hudhani amri imekataa, wakairudia. Mkato utakuonyesha uwazi uliojificha. Kwa wanaochapa kwa printa za resini uwazi kama huo ni hatari kweli, maana resini ya majimaji hunaswa ndani isipate pa kutokea. Huko lazima utoboe matundu ya kuitoa.

Mkono wa kopo uje baada ya Shell. Ukiuchora kabla, programu haijui kuwa ule ni mkono. Inauona kuwa sehemu ya umbo na kuuhesabu pamoja na lita, kisha unga unaingia mpaka kwenye kishikio. Kama tayari umekosea, huna haja ya kufuta. Chini ya kioo cha Fusion kuna mstari wa hatua zote ulizopita. Kamata alama ya Shell na uiburute nyuma, itangulie mkono. Katika SolidWorks unafanya vivyo hivyo kwenye orodha ya kushoto. Hakikisha tu mkono unaishia kwenye ngozi ya nje ya ukuta, usipenye hadi ndani.

Mara nyingine Shell inagoma na kutoa ujumbe mwekundu. Sababu ya kawaida ni kukomba kwenda ndani kwa unene unaozidi nusu kipenyo cha mviringo wa nje. Kona ya milimita 1.5 haina nafasi ya kurudi ndani kwa milimita 2, kwani mviringo wake unafika sifuri kabla ya kufika huko. Kwa kona nyepesi programu nyingi huifanya kona ya ndani kuwa kali na kuendelea, lakini mahali ambapo miviringo mitatu inakutana hukwama. Ili kujua tatizo liko wapi, jaribu unene wa milimita 0.5, kisha upandishe kidogo kidogo. Namba inayogoma itakuonyesha ukubwa wa mviringo mdogo unaosumbua, na huo ndio wa kuutafuta na kuuongeza.

Kopo letu likikamilika, bila mkono, linakula plastiki takriban sentimita za ujazo 101, ambazo kwa PLA ni kama gramu 125. Ukuta wa milimita 2 ni nyuzi tano za nozeli ya 0.4, hivyo printa inaujaza bila kuacha pengo. Ukishachapa, liweke juu ya mizani ya jikoni, rudisha namba kuwa sifuri, tia maji hadi ukingoni na usome. Lita ya maji ni karibu gramu 1,000. Fanya haraka, kwani plastiki iliyochapwa tabaka kwa tabaka huweza kuvuja kwenye viungo. Na hata likitimia kwa gramu, ni la jikoni kwako. Kipimo cha kuuzia sokoni, kwa Tanzania, lazima kwanza kihakikiwe na Wakala wa Vipimo.