Kumwonea Wivu Aliyetangulia

Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) alikiri kwamba hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume (rehema na amani zimshukie) kama alivyomwonea Bibi Khadija, ilhali hakuwahi kumkuta katika ndoa. Mtume alikuwa akimtaja mara kwa mara, na alipochinja kondoo aliwapelekea nyama rafiki zake Khadija. Wivu huo, basi, si dalili ya imani haba.

Wengi wetu huoana na wajane au walioachika, na hutaka kujua yaliyopita. Ziko habari tunazostahili kuzijua: je, eda imekwisha? Watoto wanalelewa na nani, na matumizi yao yatoka wapi? Majibu yake huongoza namna tutakavyoendesha nyumba. Lakini tukiuliza, "Yeye alikuwa mzuri kuliko mimi?" hakuna jibu litakalotutuliza. Tukiambiwa ndiyo, tunaumia. Tukiambiwa la, hatuamini, na kesho tunauliza tena. Hapo hatutafuti tena kujua, tunajilinganisha.

Swali la namna hiyo tuliache, tumweleze mwenzetu haja iliyo nyuma yake: "Leo nahitaji kusikia kwamba umeridhika nami." Mtume hakuacha kumkumbuka Khadija, na Aisha hakukosa mapenzi yake.