Mvua Haina Ratiba, Deni Lina Tarehe

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Kinachowanyima wakulima usingizi ni ukavu unaoingia katikati yake, mara nyingi Februari. Tuseme mkulima wa Kongwa ana ekari tatu na mkopo wa laki tatu wa VICOBA. Mvua itakata lini na bei ya sokoni itakuwaje, hayo hayamo mikononi mwake hata akikesha.

Kilichomo ni kutodanganywa na mvua ya kwanza. Achimbe kwa jembe: unyevu usipofika shubiri moja, mbegu zitaota kisha zikauke, na kununua nyingine ndiko kunakozaa deni la pili. Alime matuta yanayokingama mteremko, ayafunge kwa vituta vidogo kila hatua mbili tatu ili maji yatuame, yasitiririke. Mtama aina ya Macia huvumilia ukame kuliko mahindi. Kuupa ekari mbili na mahindi moja si woga. (Kwelea kwelea ni balaa jingine.)

Deni limekaa katikati. Kiasi alichokopa hakibadiliki, lakini tarehe huweza kujadiliwa. Awaendee viongozi wa kikundi mara mahindi yanapoanza kukunja majani mchana, aombe kulipa riba tu hadi mavuno. Ombi hilo lina nguvu kabla ya siku ya marejesho. Baada yake huonekana kama kukwepa. Asiuze mbuzi wala kukopa kwingine kabla hajazungumza nao.