"Kijiko Kimoja" ni Mililita Ngapi? Jinsi ya Kusoma Kipimo cha Dawa ya Maji ya Mtoto

Karatasi ya dawa ikiandikwa kwa Kiingereza kisha mzazi akatafsiriwa, neno linaloleta shida zaidi ni "kijiko". Kiingereza kina majina mawili tofauti kwa kijiko cha chai na kijiko cha mezani. Sisi vyote twaviita kijiko. Cha chai huhesabiwa mililita 5, cha mezani 15.

Tuchukue mtoto wa Gazi mwenye homa, uzani wake kilo 12, aliyeandikiwa parasetamoli ya maji. Karatasi yasema 15 mg/kg, yaani miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili. Kumi na tano mara 12 ni miligramu 180. Hiyo ni dawa yenyewe, bado si maji ya kunywa. Sasa tazama chupa. Ikiwa imeandikwa 120 mg/5 ml, kila mililita ina miligramu 24, kwa hivyo mtoto huyu atahitaji mililita 7.5, ambayo ni kijiko kimoja na nusu cha chai. Hupewa kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku.

Mzazi akitumia kijiko cha mezani, mtoto atapata mililita 22.5, mara tatu ya kipimo. Kurudia hivyo siku nzima kwaweza kuharibu ini, na siku ya kwanza mtoto huenda asionyeshe dalili yoyote. Usingoje dalili, mpeleke hospitali pamoja na chupa. Chupa nazo hutofautiana: zipo za 250 mg/5 ml, na kwa hizo mtoto huyu angetosheka na mililita 3.6. Ukibadilishiwa chupa dukani, kipimo cha zamani hakifai tena.

Vijiko vya nyumbani havilingani. Kimoja cha chai huchukua mililita 3, kingine 7. Kijaribu hivi: omba sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano kwenye zahanati au duka la dawa, vuta maji hadi alama ya 5, uyamimine kijikoni. Yakijaa hadi ukingoni bila kumwagika, hicho ndicho kijiko chako cha dawa, kiweke kando. Yakimwagika au yakibakisha nafasi, usikitumie. Ile nusu, mililita 2.5, usiikadirie kwa macho, kwani kijiko ni chembamba chini na kipana juu. Ipime kwa sirinji. Kwa kweli, ukishapata sirinji huna haja ya kijiko tena.

Tumia uzani wa hivi karibuni ulioandikwa kwenye kijitabu cha kliniki, si wa mwaka jana. Kabla ya kuondoka dirishani, omba mhudumu aandike mililita kwa tarakimu, na akuonyeshe alama kwenye sirinji. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe hospitali kwanza. Mkubwa wake naye apimwe malaria, maana parasetamoli hushusha joto tu.