Kingi ya Uingereza si sita kwa sita: pima kitanda kabla hujanunua godoro

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu akiwa na kitanda na godoro ndani ya nyumba, lakini bado analala kwenye mkeka. Kitanda alikiagiza mjini, mtumba kutoka Uingereza, na muuzaji alimwambia ni "kingi". Yeye akajua kingi ni sita kwa sita, kwa hiyo akanunua godoro la sita kwa sita. Vilipofika, godoro lilizidi kitanda karibu futi nzima kwa upana, na miguuni likaacha pengo la kutosha kuzamisha mguu.

Hakuna aliyemdanganya. Jina la kingi halina kipimo kimoja duniani. Kingi ya Uingereza ni sentimita 150 kwa 200. Kingi ya Marekani ni kubwa zaidi, sentimita 193 kwa 203. Vitanda vinavyoletwa kutoka Dubai kwa jina hilohilo mara nyingi huwa 180 kwa 200. Hapa kwetu, na kwa jirani zetu wa Kenya, tumezoea kuita kwa futi: tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Namba ya kwanza ni upana na ya pili ni urefu. Kwa maoni yetu utaratibu huu ni bora kuliko majina ya kifalme, maana kipimo kinajitaja chenyewe.

Turudi kwa mwenzetu. Futi 6 ni inchi 72, sawa na sentimita 183. Kitanda chake kina upana wa sentimita 150 ndani, basi godoro limezidi sentimita 33. Urefu wa kitanda ni sentimita 200, kwa hiyo miguuni pamebaki sentimita 17. Kumbe kingi ya Uingereza kwa upana ni ileile tano kwa sita yetu, ila imerefushwa.

Bahati yake godoro ni la sponji. Tulimuuliza fundi magodoro, akasema lisitupwe. Avue kitambaa, akate upande mmoja ili upana ubaki sentimita 152. Sponji hujibana, hivyo sentimita 2 za ziada zitaingia bila shida. Kile kipande kilichokatwa kina upana wa sentimita 31 na urefu wa 183. Humo akate kipande cha 17 kwa 150, akilaze miguuni kuziba pengo, kisha fundi cherehani ashone kitambaa upya. Ila ukishalikata, duka halitalipokea tena, kwa hiyo uliza kwanza kama wanabadilisha. Na godoro la springi usiliguse kwa kisu, likikatwa limekwisha.

Hata kitanda cha fundi wa kijijini kinaweza kukuangusha. Ukimwambia "tano kwa sita" bila kufafanua, anaweza kupima nje kwa nje. Mifumbati ikiwa na unene wa inchi 2 kila upande, ndani panabaki inchi 56 badala ya 60, na godoro litapanda juu ya mbao. Mwambie hivi: "Nataka tano kwa sita ndani, godoro linapolala." Kama godoro unalo tayari, mpelekee alipime, kwa sababu magodoro mengine yanayouzwa kama tano kwa sita yana urefu wa inchi 75, si 72.

Wazazi wanaopeleka watoto bweni nao wana mtego wao. Shule nyingi huandika godoro la 2.5 kwa 6, la kitanda cha dabo deka. Hiyo 2.5 ni futi mbili na nusu, yaani inchi 30. Si futi mbili na inchi tano. Mzazi akinunua la tatu kwa sita akidhani anamwongezea mtoto raha, inchi 6 zitaning'inia nje ya chaga, na mtoto wa kitanda cha juu ataviringika kuelekea ukingoni.

Ukiagiza kwa simu, usiulize jina la saizi. Mwombe muuzaji anyooshe tepu ndani ya kitanda, kutoka mfumbati hadi mfumbati, kisha kutoka mchagoni hadi miguuni, akutumie picha ambayo namba zinasomeka. Angalia pia anasoma upande gani wa tepu, maana nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Akikutajia sentimita, gawanya kwa 30 upate futi kwa makadirio: 150 inakupa 5, na 180 inakupa 6. Unene wa godoro, ule wa inchi 6, 8 au 10, hauhusiani kabisa na kuenea kitandani. Huo utauchagua kwa mfuko wako.