Tangazo Lilisema 1080P, Kijitabu Kikasema 480

Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira kule Likoni alinijia na projekta ikiwa bado ndani ya boksi lake. Alikuwa ameilipia shilingi 14,500 mtandaoni. "Fundi, hebu itazame. Jana watu wameangalia mechi nzima, hawajui mabao mangapi wala dakika ya ngapi."

Alidhani imeharibika. Nikaiwasha, nikaona ni nzima kabisa, ila haikuwa ile aliyoinunua. Tangazo, ambalo kwa bahati alikuwa amelipiga picha kwenye simu, liliahidi mambo manne: pikseli asilia 1080P, lumeni 9,500, kujilenga yenyewe, na Android ndani yake. Nilipotafuta mahali pa kubofya ili ijilenge, nikakuta gurudumu la kuzungusha kwa kidole. Android haikuwepo, kulikuwa na menyu ya kusoma flashi tu.

Hasira yake yote ilikuwa kwenye mwanga. Alitaka malalamiko yaanze hapo: "Waambie lumeni 9,500 gani hizi, taa ya chumbani inaishinda!" Nikamwambia aache kwanza. Katika kudai, hoja ya kutangulia si ile inayokuudhi zaidi, ni ile ambayo muuzaji hawezi kuipindisha. Kujilenga kupo au hakupo, hakuna nusu. Mwanga una mabishano: atakuuliza umepima na nini, ukuta wako una rangi gani, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa.

Pikseli ziko katikati ya hayo mawili, na hapo ndipo wengi hufungwa bao. Projekta huwa na namba mbili. Ya kwanza ni picha inayoweza kuipokea kupitia waya wa HDMI. Ya pili ni vitone ambavyo kioo chake cha ndani kinaweza kuvichora ukutani, na hiyo ndiyo inayoitwa asilia. Projekta inayopokea 1080P yenye kioo cha 800×480 ni sawa na kikombe unachokimiminia ndoo nzima: ndoo imeingia kweli, lakini kilichobaki ni kikombe. Kwa hesabu, 1080P ni vitone 2,073,600 na 800×480 ni 384,000, kwa hiyo zaidi ya vinne katika kila vitano vimemwagika njiani. Vya kwanza kupotea ni vitu vidogo, zikiwemo namba za mabao na dakika zilizo kwenye kona.

Kwa hiyo soma kitenzi cha tangazo. Likisema "inakubali 1080P" ni ujanja, lakini muuzaji atajitetea kwamba hakusema uongo. Likisema asilia ni 1080P, amejifunga. La mteja wangu lilisema asilia.

Kulithibitisha si kazi. Unatengeneza picha ya 1920×1080 yenye mistari ya wima, mmoja mweupe na mmoja mweusi, kila mmoja upana wa pikseli moja, kisha unaionyesha kutoka kwenye kompyuta iliyowekwa kipimo hicho hicho. Kioo cha 1080P huitoa mistari ikahesabika ukisogea karibu na ukuta. Kioo kidogo huitoa kijivu kitupu, au mawimbi mapana ambayo hayamo kwenye picha. Angalizo moja: zima kwanza ile huduma ya kunyoosha picha iliyopinda, kwa sababu nayo huvuruga mistari hata kwenye mashine ya kweli, na muuzaji mjuzi atakukamata hapo. Yetu ilitoa mawimbi. Lakini ushahidi mzito zaidi ulikuwa chini ya sponji ya boksi: kijitabu cha maelezo, ukurasa wa 2, kwa herufi za kuchokonoa macho, kiliandika 800×480. Tangu siku hiyo sitoi mashine kwenye boksi bila kusoma karatasi zake.

Mwanga niliupima pia, kwa ajili ya kumridhisha. Nilifunga madirisha, nikaonyesha picha nyeupe tupu ya upana wa mita 1.77 na urefu wa mita 1, nikaigawa visanduku 9, nikasoma luksi kwa simu katikati ya kila kimoja. Wastani ulikuwa 68. Ukizidisha kwa eneo la picha unapata lumeni, nasi tukapata kama 120. Kipimo cha simu si cha maabara na kinaweza kukosea hata kwa theluthi, lakini hakuna kosa la kipimo linaloifikisha 120 kwenye 9,500. Hoja hiyo tuliiweka mwisho wa nyingine zote, kwa sentensi moja.

Barua yenyewe tuliiandika ndani ya ukurasa wa oda, si kwa kupiga simu, kwa maana simu haiachi alama:

"Tangazo lenu linasema projekta inajilenga yenyewe, iliyofika inalengwa kwa gurudumu la mkono (picha ya 1 na ya 2). Linasema ina Android. Iliyofika haina (video). Linasema pikseli asilia ni 1920×1080. Kijitabu chenu, ukurasa wa 2, kinasema 800×480 (picha ya 3). Linasema lumeni 9,500, kwa kipimo cha simu zimepatikana kama 120. Bidhaa haifanani na maelezo niliyoinunulia. Naomba nirudishiwe shilingi 14,500 zote, na gharama ya kuirudisha iwe juu yenu, kabla ya tarehe 20 Mei."

Maneno "haifanani na maelezo" hayakuwekwa kwa urembo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Tanzania Bara nayo ina sharti kama hilo. Pia kwenye orodha ya sababu za kurudisha, chagua hiyo hiyo. Ukichagua "nimebadili mawazo" umejitwisha nauli ya kurudisha. Na usiendelee kuitumia. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kukikataa, sheria hiyo hiyo itakuhesabu kuwa umekikubali. Kwa hiyo kibanda kililala siku kadhaa bila mpira, jambo lililomuuma kuliko hela.

Siku ya tatu muuzaji alijibu kwa upole mno. Angemrudishia shilingi 2,000 abaki na mashine, mradi afunge malalamiko kwanza. Huo mtego naujua: mara nyingi lalamiko likishafungwa halifunguliki tena. Tukajibu kwa kurudia barua ile ile, tukaongeza kwamba tarehe ikipita dai litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Kenya hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya matangazo ya uongo, kama ilivyo Tume ya Ushindani kwa Tanzania, ila kazi yao kubwa ni kumrudi mfanyabiashara; anayetaka hela yake mkononi aende mahakamani.

Hatukufika huko. Hela ilirudi yote tarehe 17. Akaongeza kidogo akanunua projekta ya ofisini iliyokwishatumika, kubwa kama mkoba, boksi lake likiwa limeandikwa 1280×800 na lumeni 2,600, bila Android wala makeke. Nikaipima kwa picha ya mistari ya 1280×800: mistari ilitoka yote, na mwanga ukaja kama 1,900, kwa sababu taa yake imezeeka. Dakika na mabao vinasomeka hadi benchi la nyuma.