Dipoziti ya ukumbi hairudishwi? Inategemea ulilipia nini

Simu iliingia Jumatatu asubuhi. Dada mmoja, mwekahazina wa kamati ya harusi ya kaka yake, alitaka tumrudishie miamala mitatu aliyotuma kwa ukumbi mmoja, jumla Sh80,000. Harusi ilikuwa imesimama kwa sababu baba ya bibi harusi alikuwa amelazwa, na mwenye ukumbi alikuwa amemjibu kwa maneno matatu tu: "Dipoziti hairudishwi, madam."

Ilibidi tumweleze jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia. Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizopotea njia, kwa mfano ukikosea tarakimu moja ya nambari. Pesa zake zilikuwa zimefika kwa mtu aliyekusudia na kwa kiasi alichokusudia. Kutoka hapo, swali la nani abaki nazo linajibiwa na mkataba, wala si simu. Lakini hatukumwacha hivyo, kwa sababu hizo hazikuwa pesa zake peke yake. Zilikuwa za watu waliochanga, na kikao cha kamati kilikuwa Jumamosi. Tulimwomba atusomee fomu waliyotia sahihi. Amekubali tuisimulie, tukibadilisha kidogo kiasi na tarehe.

Pesa tatu, jina moja

Kukodi ukumbi kulikuwa Sh120,000, harusi ikiwa Jumamosi tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, siku ambayo kumbi nyingi hujaa mapema. Mwezi wa Julai alituma Sh30,000 ili tarehe ishikiliwe. Agosti akatuma Sh30,000 nyingine. Wiki moja baadaye akaambiwa alete Sh20,000 "za dipoziti", naye akatuma. Kwa mwenye ukumbi, zote zilikuwa dipoziti.

Ukweli ni kwamba zilikuwa pesa za aina tatu. Za kwanza ni arubuni: unamlipa mwenye ukumbi ili awafukuze wengine wanaoitaka siku hiyo. Ukibadilisha nia, ni kawaida arubuni ipotee, yote au sehemu, maana yeye kweli alikataa wateja kwa ajili yako. Za pili ni sehemu ya kodi iliyolipwa mapema, na hizo huenda kulingana na ratiba ya kuvunja mkataba. Za tatu, zile Sh20,000, ni dhamana ya uharibifu. Dhamana ni pesa zako zilizowekwa kwake kwa muda. Kama hafla haikufanyika, hakuna kiti kilichovunjika, kwa hivyo hana sababu ya kukaa nazo hata siku moja.

Fomu yake ilisema hivyo wazi, kwenye ukurasa wa pili. Shida ni kwamba miamala yake mitatu haikusema. Alikuwa amelipa kwa nambari ya "Buy Goods", ambayo haina mahali pa kuandika pesa ni za nini. Ukipewa nambari ya "Pay Bill", tumia ile nafasi ya akaunti kuandika neno kama DHAMANA12DES, ikiwa ukumbi haujakupa akaunti yake maalum. Ukipewa ya "Buy Goods", mtumie mwenye ukumbi meseji papo hapo: "Nimetuma Sh20,000, ni dhamana ya uharibifu ya tarehe 12 Desemba, inarudishwa baada ya hafla. Tafadhali thibitisha." Jibu la "sawa" linatosha. Na kabla malipo hayajakamilika, angalia jina linalojitokeza kwenye skrini. Kama mkataba una jina la hoteli na skrini inaonyesha jina la mtu binafsi, simama kwanza, uliza ofisini.

Asilimia ya nini, na kuanzia lini?

Ratiba ya kuvunja mkataba kwenye fomu yake ilikuwa ya kawaida. Ukitoa notisi siku 90 au zaidi kabla ya hafla, ukumbi unabaki na asilimia 10. Kati ya siku 60 na 89, asilimia 25. Kati ya siku 30 na 59, asilimia 50. Chini ya siku 30, zote. Siku huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya hafla, na kadiri unavyokaribia ndivyo inavyokuwa vigumu kwa ukumbi kupata mteja mwingine.

Kuna maswali mawili ambayo ratiba kama hii huficha, na hapo ndipo pesa hupotelea.

La kwanza ni asilimia ya nini. Fomu yake ilisema "asilimia ya kodi yote", yaani ya Sh120,000. Kwa hivyo asilimia 50 ni Sh60,000, sawasawa na kodi yote aliyokuwa amelipa. Kama ingesema "asilimia ya kiasi kilicholipwa", ingekuwa Sh30,000 na angerudishiwa nusu. Tena, mtu aliyelipa Sh30,000 tu chini ya fomu hiyo angeweza kuvunja mkataba na bado akadaiwa Sh30,000 za juu. Wengi hudhani kwamba ukiacha kulipa, mkataba umekufa. Haufi.

La pili ni notisi inahesabiwa kuanzia lini. Huyu dada alimpigia simu msimamizi wa ukumbi tarehe 25 Septemba, siku 78 kabla ya harusi. Akaandika barua pepe tarehe 20 Oktoba, siku 53 kabla, baada ya msimamizi kumwambia ofisi inataka kitu cha maandishi. Kwa tarehe ya simu, ukumbi ulistahili asilimia 25, yaani Sh30,000. Kwa tarehe ya barua pepe, Sh60,000. Tofauti ya Sh30,000 ilitokana na wiki tatu na ushee za kungoja mkubwa wa ofisi arudi safari.

Fomu ilisema notisi iwe "kwa maandishi". Kilichomwokoa ni kwamba jioni ya tarehe 25 Septemba alikuwa amemtumia yule msimamizi ujumbe wa WhatsApp kurudia walichozungumza, naye akajibu: "Sawa mama, nimemwambia mdosi." Ujumbe ni maandishi. Tulimshauri asiufute, asitegemee skrinishoti peke yake, na autume tena kwa ofisi ya ukumbi pamoja na taarifa ya miamala yake kutoka kwetu. Ile ya miamala ina tarehe, saa na nambari ya kila malipo, na hakuna anayeweza kubishana nayo.

Mwenye ukumbi aliposoma, alikubali hesabu ya asilimia 25. Alibaki na Sh30,000. Zilizobaki za kodi ni Sh30,000, na dhamana ni Sh20,000, jumla Sh50,000 za kamati.

Sisi tulidhani angezichukua. Hakuzichukua, kwa sababu mzee alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani na familia ilitaka harusi Aprili, ukumbi uleule. Hapo akagundua pengo lingine: fomu haikusema lolote kuhusu kuahirisha. Kwa ukumbi, kuahirisha kulikuwa kuvunja mkataba mmoja na kuanza mwingine. Kama wangeandika tangu mwanzo kwamba tarehe inaweza kusogezwa mara moja bila faini, ilimradi notisi ni ya siku 60, zile Sh30,000 zisingekwenda. Kuna kifungu kingine cha kuomba, hasa kwa tarehe zinazogombaniwa: ukumbi ukipata mteja mwingine wa siku hiyohiyo, urudishiwe ulichokatwa, ukiondoa gharama halisi. Hatusemi kila ukumbi utakubali. Lakini ni rahisi kukubaliwa kabla ya arubuni kutumwa kuliko baadaye.

Viti saba na doa la mafuta

Harusi ya Aprili ilifana. Siku nne baadaye ukumbi ukamwambia dhamana yote imeisha: viti saba vilivyovunjika, Sh1,500 kila kimoja, doa la mafuta sakafuni, Sh5,000, vigae viwili vya dari, Sh3,500, na kufuli ya choo, Sh1,000. Jumla Sh20,000 kamili. (Ukiona hesabu ya uharibifu inalingana na dhamana hadi shilingi ya mwisho, isome mara mbili.)

Safari hii alikuwa amejipanga. Saa moja asubuhi ya siku ya harusi, kabla watu wa mapambo hawajaingia, alizunguka ukumbini na msimamizi akirekodi video, akisema kwa sauti anachokiona: dari, kuta, vioo, soketi, vyoo, na hesabu ya viti, 200. Video ilionyesha vigae viwili tayari vinaning'inia na kufuli ya choo haifungi. Hizo Sh4,500 zikaondolewa mara moja.

Viti vilikuwa vyake. Vilitoka 200 vizima vikarudi 193. Lakini fomu ilisema atalipa "gharama halisi", basi akaomba risiti. Viti vipya vilinunuliwa kwa Sh900. Mara saba, ni Sh6,300, si Sh10,500.

Doa la mafuta ndilo lililozua ubishi. Lilitokana na watu wa chakula waliopika ndani badala ya uani. Dada alidhani mwenye ukumbi awafuate wao. Sivyo. Karibu kila mkataba wa ukumbi humfanya mkodishaji awajibike kwa kila anayemwingiza: mpishi, dijei, wapambaji, hata mgeni aliyelewa. Mwenye ukumbi hana mkataba na mpishi, wewe ndiye unao. Alikatwa Sh5,000, akarudishiwa Sh8,700, na kamati ikaziondoa hizo Sh5,000 kwenye salio la mpishi, kwa kuwa haikuwa imemmalizia. Angekuwa amelipwa zote asubuhi, ingekuwa hadithi nyingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu dhamana: si mwisho wa deni lako. Jenereta ikichomwa na vyombo vya dijei, ukumbi unaweza kukudai zaidi ya Sh20,000, isipokuwa mkataba umeweka kikomo. Hivyo angalia kama kuna kikomo, na kama kuna siku za kurudisha dhamana. Fomu nyingi hukaa kimya kuhusu siku. Andika 7 au 14, mtie sahihi pembeni.

Na ukumbi ukikataa kabisa? Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Beba mkataba, meseji, video na taarifa ya miamala. Taarifa hiyo unaweza kuiomba kwetu wakati wowote, hata kwa malipo ya miezi kadhaa iliyopita.