Komenti Chini ya Video ya Daktari wa Kuku

Msanii mkubwa akiweka picha mpya Instagram, komenti za kwanza mara nyingi hazihusu picha hiyo. Mmoja anatangaza mawigi, mwingine anakopesha kwa riba nafuu, wa tatu ana dawa ya kupunguza tumbo. Namba za simu zimepangana kama vibao vya njia panda. Wanaoandika hivyo wamegundua jambo moja la kweli, kwamba komenti huonekana na watu wasiomfahamu aliyeiandika. Walichokosa ni kujiuliza watu hao wamefuata nini pale. Wamemfuata msanii, na mwenye mawigi amewakuta wakiwa na hamu ya kitu kingine kabisa.

Kukomenti kwenye akaunti za watu wengine ili kujivutia wateja kunahitaji kwanza kujua msomaji anaona nini. Kwenye skrini ya simu, komenti ina vitu vitatu: picha ndogo ya duara, jina la akaunti na maneno yaliyoandikwa. Hapo hakuna bei wala picha ya bidhaa. Maneno yakimvutia msomaji, anagusa jina na kuingia kwenye wasifu wa mwandishi, na huko anaamua kubaki au kurudi alikotoka. Kwa hiyo komenti haiuzi kitu. Kazi yake inaishia kwenye kumfanya mtu aguse jina.

Mfano mzuri ni mtotoleshaji wa Kibaha mwenye mashine ya kutotolesha mayai, anayeuza vifaranga chotara wa siku moja. Mteja wake mkubwa ni mfugaji anayeanza, mwenye uwanja nyuma ya nyumba na akiba kidogo. Mtu huyo, kabla hajatafuta vifaranga, hupitia hatua nyingine. Anatazama mabanda ya wenzake, anapiga hesabu ya chakula, anajifunza ratiba ya chanjo. Akaunti za kukomenti ni zile anazozitembelea akiwa katika hatua hizo, yaani za daktari wa mifugo anayefundisha kwa video, za fundi wa mabanda na za muuza chakula cha kuku. Hawa wanamhudumia mteja yuleyule bila kumnyang'anya mtotoleshaji biashara. Kukomenti kwa mtotoleshaji mwenzake ni jambo jingine. Kumpongeza si vibaya, lakini kujibu maswali ya wateja wake chini ya picha zake ni kuchuuza ndani ya duka la mtu.

Ukubwa wa akaunti nao una maana. Kwenye posti yenye komenti elfu, Instagram haizipangi kwa mfuatano wa muda tu. Huziinua pia zile zilizopata laiki na majibu, na za watu ambao msomaji anawafuata. Komenti ya mgeni huzama haraka. Kwenye posti yenye komenti 20 au 40 msomaji huzipitia karibu zote, na mwenye akaunti mwenyewe hupata nafasi ya kujibu. Akipenda komenti fulani anaweza hata kuibandika juu ya nyingine zote. Akaunti 10 au 15 za ukubwa huo zinatosha, na kwenye kila moja kuna alama ya kengele inayomwezesha mfuatiliaji kupewa taarifa posti mpya inapotoka, ili asifike watu wakiwa wameshatawanyika.

Kazi yenyewe iko kwenye maneno. Daktari wa mifugo ameweka video ya kulea vifaranga wiki ya kwanza. Chini yake mtu ameandika: "Dokta, wangu wanajikusanya kona moja wanalia usiku kucha, shida ni nini?" Saa mbili zimepita na daktari hajajibu. Mtotoleshaji wa kwanza anaandika: "Njoo inboksi nikusaidie." Wa pili anaandika hivi:

"Pole. Wakibanana chini ya taa, ni baridi. Wakiikimbia taa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana kona moja tu, mara nyingi kuna upepo unaingia upande wa pili. Ziba upande huo kwa gunia usawa wa chini, ila juu paache hewa ipite. Waangalie baada ya nusu saa. Wakitawanyika sawasawa, wameridhika. Wako wangapi, na unatumia taa au mkaa?"

Jibu hilo halijataja vifaranga vya kuuza hata mara moja, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Aliyeuliza amepata cha kufanya usiku uleule. Wengine wanaosoma, ambao pengine wana tatizo hilohilo na wameona haya kuuliza, wamegundua kwamba mwandishi ameshawahi kulea vifaranga kwa mikono yake. Daktari hajapunguziwa heshima, maana jibu linakwenda sambamba na somo lake. Swali la mwisho nalo lina kazi, kwa sababu muuliza akirudi kujibu, mazungumzo yanaendelea mbele ya watu na jina la mtotoleshaji linaonekana tena. "Njoo inboksi" inafunga mlango huohuo, na msomaji wa Kitanzania ameshaichoka.

Kuna tofauti ndogo ya kuzingatia. Jibu lililowekwa chini ya komenti ya mtu hukunjwa, na wengine hulazimika kugusa ili kulifungua. Linamfikia hakika aliyeuliza, lakini hadhira yake ni ndogo. Komenti inayosimama peke yake huonekana na wengi zaidi. Inapofaa ni pale ambapo mtu ana cha kuongeza kwenye somo lenyewe, kwa mfano kwamba maji ya kwanza ya vifaranga waliosafiri mbali yasiwe ya baridi sana. Sentensi mbili zenye jambo moja mahususi zinatosha. "Somo zuri sana dokta, ubarikiwe" ni adabu nzuri, na hakuna kosa kuiandika, ila haimpi mtu yeyote sababu ya kugusa jina.

Uko mpaka ambao komenti nzuri haiuvuki. Mtu akieleza kwamba kuku wake wanaharisha kijani na kupinda shingo, mtotoleshaji anaweza kusema awatenge wagonjwa na amwite mtaalamu mapema, kwa kuwa dalili hizo huonekana pia kwenye kideri. Kutaja dawa na vipimo vyake kwa kuku ambao hajawaona ni hatari kwa mfugaji na kwake pia. Komenti hubaki pale, na banda likiisha kuku watu watairudia.

Msomaji aliyegusa jina anatua kwenye wasifu, na wengi wa watotoleshaji humpotezea hapo. Anakuta picha ya harusi, jina la utani na mstari unaosema "Mungu mbele". Instagram inatoa herufi 150 tu za kujieleza, hivyo kila moja iwe na kazi: "Vifaranga chotara wa siku 1. Kibaha, Pwani. Wamechanjwa Mareksi. Tunatotolesha kila Jumatatu." Sehemu ya jina, iliyo tofauti na jina la akaunti, hutumika pia katika utafutaji, kwa hiyo "Vifaranga Kibaha" inafaa kuwamo. Picha ya duara ionyeshe kitu kinachotambulika kikiwa kidogo kama punje ya hindi. Kifaranga mmoja hutambulika, nembo yenye maandishi sita haitambuliki. Kisha kuna posti tatu zinazoweza kubandikwa juu kabisa. Moja iwe ya bei, iliyoandikwa kwa tarakimu, ya pili vifaranga wakipakiwa kwenye maboksi, ya tatu somo la wiki ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo inayoshikamana na komenti, kwa sababu aliyekuja kwa ajili ya joto la banda anakuta habari ya joto la banda.

Kupima matokeo kuna ugumu wake. Akaunti ya biashara huonyesha idadi ya watu waliotembelea wasifu, lakini haisemi mgeni fulani ametoka kwenye komenti ipi. Njia ya kuzunguka ugumu huo ni kushughulikia aina moja ya akaunti kwa wiki nzima na kuandika hesabu kwenye daftari. Tuseme wiki isiyo na komenti yoyote wasifu ulipata wageni 40. Wiki ya komenti kwa madaktari wa mifugo walikuja 90, 12 wakaanza kumfuata na 4 wakauliza tarehe ya kutotoleshwa. Wiki ya komenti kwenye ukurasa maarufu wa vichekesho walikuja 150, wakamfuata 3, na hakuna aliyeuliza kitu. Wingi wa wageni ungemdanganya. Waliouliza tarehe ndio kipimo chake. Pamoja na daftari, kila mteja mpya aulizwe swali la zamani kuliko simu: "Umetujuaje?"

Hesabu hizo pia zinaonyesha kasoro ilipo. Wageni wakiongezeka na wafuasi wasiongezeke, komenti inafanya kazi ila wasifu hauwaambii walichokuja kutafuta. Wafuasi wakiongezeka lakini wengi wao ni watotoleshaji wenzake, akaunti zilichaguliwa vibaya, au komenti zimekuwa za kitaalamu kiasi kwamba anayeanza haambulii kitu. Wageni wasipoongezeka kabisa kwa wiki mbili, huenda hakuna anayeziona. Mwenye akaunti anaweza kumwekea mtu kizuizi cha kimyakimya, ambapo komenti zake huonekana kwake yeye mwenyewe tu, kila mtu mwingine asizione, na hapewi taarifa. Hugundulika kwa kufungua posti ileile kwa simu ya ndugu au jirani. Isipoonekana huko, dawa ni kuiacha akaunti hiyo, na kujikagua kama hakuwa anapachika namba ya simu kila mara.

Instagram yenyewe ina vizuizi vyake. Komenti inayotaja akaunti zaidi ya 5 haipokelewi, na maneno yaleyale yakirudiwa mara nyingi hukataliwa pia. Anayebandika sentensi moja kwenye posti 30 kwa dakika 10 anaweza kuzuiwa kukomenti kwa saa kadhaa au siku, na kampuni haitangazi kiwango kamili. Mtotoleshaji anayesoma posti kwanza na kuandika jibu la mtu mmoja mmoja hafiki huko. Komenti tano au sita za aina ile ya gunia na upepo humchukua kama nusu saa kwa siku, na jioni ndiyo saa yake nzuri, wafugaji wanapokuwa wamewasha taa za banda na kuanza kuona vifaranga wamejipanga vipi.